Buffett Alilishinda Soko kwa Kiasi Gani?

Kati ya Oktoba 1976 na Machi 2017, hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya Warren Buffett yenye makao makuu mjini Omaha, Marekani, zilitoa faida ya wastani wa asilimia 18.6 kwa mwaka juu ya riba ya dhamana za muda mfupi za serikali ya nchi hiyo. Katika kipindi hichohicho soko zima la hisa la Marekani lilitoa asilimia 7.5 juu ya riba hiyo. Hesabu hizi zilichapishwa mwaka 2018 na watafiti watatu, Andrea Frazzini, David Kabiller na Lasse Pedersen. Mtu wa kawaida atatoa 7.5 kwenye 18.6 na kusema Buffett alilipita soko kwa asilimia 11.1 kwa mwaka. Mtaalamu wa fedha atakataa na kusema alilipita kwa 13.4. Wote wawili wanatazama takwimu zilezile. Kinachowatenganisha ni namba moja, 0.69, ambayo ndiyo beta ya Berkshire.

Beta ilipata nafasi yake katika kazi ya William Sharpe ya mwaka 1964, iliyomletea Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990 pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller. Hoja yake ni kwamba soko halimlipi mwekezaji kwa kila hatari anayoibeba, linamlipa kwa ile tu asiyoweza kuikwepa. Kiwanda cha kampuni moja kikiungua, mwenye hisa za kampuni thelathini hataumia sana. Uchumi wote ukiyumba, hata mwenye hisa za kampuni mia ataumia. Beta inapima hatari hii ya pili. Soko likitoa asilimia 10 juu ya riba, hisa yenye beta ya 1.5 inatarajiwa kwa wastani kutoa 15, na yenye beta ya 0.69 kutoa 6.9. Likianguka, hesabu ni hiyohiyo kuelekea chini.

Kwa Berkshire, basi, hatari ya soko iliyobebwa ilistahili malipo ya 0.69 mara 7.5, yaani karibu asilimia 5.2. Ukiiondoa kwenye 18.6 inabaki 13.4, na baki hilo ndilo wataalamu huliita alfa: faida isiyo ya kawaida, ambayo hatari ya soko haiwezi kuieleza. Michael Jensen ndiye aliyeanza kuitumia alfa kama mizani ya mameneja wa fedha. Mwaka 1968 aliwapima waendeshaji wa mifuko 115 ya uwekezaji ya Marekani kwa takwimu za 1945 hadi 1964, akakuta kwamba kwa wastani hawakulishinda soko hata kidogo.

Hesabu yenyewe haihitaji mitambo. Kila mwezi unachukua faida ya hisa, gawio likiwa ndani yake, unatoa riba ya mwezi huo, kisha unafanya vivyo hivyo kwa fahirisi ya soko. Kila mwezi unakuwa nukta moja kwenye grafu, soko likiwa upande wa chini na hisa upande wa juu, na katikati ya nukta hizo unapitishwa mstari. Mwinuko wa mstari ni beta. Pale unapokata mhimili wa wima ni alfa ya mwezi. Mwenye jedwali la kompyuta lenye miezi 60 ataandika `=SLOPE(B2:B61,C2:C61)` na `=INTERCEPT(B2:B61,C2:C61)`, safu ya B ikiwa ya hisa na ya C ya soko, na majibu yatatoka papo hapo.

Tatizo ni kuyasoma majibu.

Wengi husikia beta ya 0.69 wakadhani hisa hiyo ni tulivu kuliko soko. Sivyo. Mtikisiko wa Berkshire, yaani jinsi faida yake ilivyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa asilimia 23.5 kwa mwaka, na wa soko 15.3 tu. Berkshire ilitikisika zaidi, ila sehemu kubwa ya kutikisika huko haikufuata mwendo wa soko. Kati ya katikati ya 1998 na mwisho wa Februari 2000, wakati Wamarekani wakigombania hisa za kampuni za intaneti, soko lao lilipanda kwa asilimia 32 na Berkshire ikapoteza asilimia 44 ya thamani yake. Mwenye hisa aliyeridhika na beta ndogo hakuwa na kinga yoyote dhidi ya hasara hiyo. Beta inaeleza hisa inafuatana na soko kwa kiasi gani. Aliyeweka akiba yake yote kwenye hisa moja anahitaji pia kuujua mtikisiko mzima.

Mtikisiko huo usiofuata soko ndio pia unaofanya alfa iwe ngumu kuthibitisha. Kwa Berkshire, ukiondoa sehemu ya soko, unabaki mtikisiko wa karibu asilimia 21 kwa mwaka. Ili kujua wastani wa alfa unaweza kukosea kwa kiasi gani, gawanya 21 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa miaka 40 na nusu inapatikana asilimia 3.3. Alfa ya 13.4 ni mara nne ya kiwango hicho cha kukosea, na watu wa takwimu kwa kawaida huanza kuamini jambo likivuka mara mbili. Buffett amefaulu bila ubishi.

Lakini chukua alfa hiyohiyo na miaka mitano tu ya takwimu, ambao ndio muda unaotumiwa mara nyingi katika kukokotoa beta. Kiwango cha kukosea kinapanda hadi asilimia 9.4, na 13.4 haifikii hata mara moja na nusu yake. Kwa miaka mitano, hata mwekezaji maarufu kuliko wote angeonekana kama mtu aliyebahatika. Ingehitajika karibu miaka 10 kumtofautisha na bahati. Kwa hisa yenye mtikisiko kama huo na alfa ya asilimia 3 kwa mwaka, ambayo yeyote angefurahi kuipata, hesabu inadai miaka 196. Ndiyo maana ripoti inayotangaza alfa baada ya miaka mitatu, bila kutaja kiwango cha kukosea, haijasema kitu. Isitoshe, Buffett tunamtazama leo kwa sababu tayari ameshinda; kati ya maelfu waliojaribu, wachache wangeng'ara kwa bahati tupu.

Tuseme alfa imepita mtihani huo. Bado kuna swali ambalo Eugene Fama amelisisitiza tangu miaka ya 1970: anayepima alfa anapima mambo mawili kwa pamoja, hisa na kanuni iliyotumika kuipimia. Baki likiwa kubwa, huenda hisa imefanya maajabu, au huenda kanuni ndiyo pungufu. Mwaka 1972 Fischer Black, Michael Jensen na Myron Scholes walionyesha kwamba hisa za beta ndogo nchini Marekani zilikuwa zikilipa zaidi ya ilivyotarajiwa na kanuni, na za beta kubwa zikilipa pungufu. Maana yake hisa yoyote ya beta ndogo ina nafasi nzuri ya kuonyesha alfa bila meneja wake kufanya lolote la ajabu. Watafiti wale wa 2018 waliligusa hapo suala la Buffett. Walipoongeza vipimo vya hisa za bei nafuu, za hatari ndogo na za kampuni imara, alfa ilishuka hadi ikashindwa kutofautishwa na sifuri. Buffett alinunua kampuni za aina hiyo kwa miongo mingi, tena kwa mtaji uliokuzwa na fedha za bima zilizokaa mikononi mwake kabla ya wateja kudai fidia. Hilo halimwondolei sifa, kwa kuwa alianza kabla nadharia haijayapa mambo hayo majina.

Katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam kuna mtego mwingine, ambao mwandishi huyu anauona hatari kuliko yote. Hisa nyingi huko haziuzwi kila siku. Wiki inaweza kupita bila mtu kununua wala kuuza, na bei inayoandikwa ni ileile ya mauzo ya mwisho. Soko likipanda Jumatatu, hisa hiyo inabaki palepale kwenye kumbukumbu hadi Alhamisi, anapotokea mnunuzi. Kompyuta inayolinganisha siku kwa siku inaona hisa isiyojali soko na kutoa beta iliyo karibu na sifuri.

Beta ikikosewa, alfa inakosewa pamoja nayo. Chukua mfano wa kubuni: soko limetoa asilimia 8 juu ya riba, na hisa yenye beta halisi ya 1 nayo imetoa 8. Alfa yake ni sifuri. Beta ikisomeka 0.3 kwa sababu ya uhaba wa mauzo, malipo yanayostahili yanakuwa 2.4 na inazuka alfa ya 5.6 ambayo haipo. Kuitambua hali hii si kazi kubwa: kokotoa beta kwa takwimu za siku, kisha za wiki, kisha za mwezi. Ikizidi kupanda kila unapopanua kipindi, uhaba wa mauzo ndio unaoishusha. Elroy Dimson alipendekeza mwaka 1979 kwamba hisa ilinganishwe pia na mwendo wa soko wa siku zilizotangulia na zinazofuata, kisha beta hizo zijumlishwe.

Upande wa pili kuna Safaricom, inayouzwa kila siku kwa wingi. Kuna nyakati imebeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima la Nairobi. Kuipima kwa fahirisi ya hisa zote za soko hilo ni kuipima, kwa sehemu kubwa, dhidi yake yenyewe. Kampuni inapokaribia kuwa soko zima, beta yake inasogea kwenye 1 na alfa kwenye sifuri, hata iwe imefanya nini. Fahirisi isiyoijumuisha ingetoa jibu lenye maana zaidi.

Basi dalali akikuletea hisa akidai imelishinda soko hata baada ya kuzingatia hatari, muulize beta aliyotumia ameipata kwa takwimu za siku au za mwezi, za miaka mingapi, na dhidi ya fahirisi ipi. Kisha muulize hisa hiyo iliuzwa siku ngapi mwaka uliopita.