Mnyororo wa Alama: Namna ya Kufumbua Futoshiki

Aliyezoea sudoku akipewa futoshiki, macho yake hukimbilia namba. Anatafuta zilizokwisha kuandikwa ili aanzie hapo, kisha anakwama, kwa kuwa namba zenyewe ni mbili tatu tu, na mara nyingine hakuna hata moja. Kazi imeachiwa zile alama za < na > zilizobanwa katikati ya visanduku. Hata jina linasema hivyo: futoshiki ni neno la Kijapani la somo la hisabati, ndilo wanaloitia semi za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko".

Sheria ni mbili. Katika jedwali la 5 kwa 5, ambalo ndilo linaloonekana zaidi, kila mlalo na kila wima hubeba namba 1 mpaka 5 bila kurudia. Na penye alama, ncha inaelekea kwenye namba ndogo, mdomo ulio wazi unaelekea kwenye kubwa. Basi.

Alama moja ikiwa peke yake haikupi mengi. Inakwambia tu kwamba mdogo hawezi kuwa 5 na mkubwa hawezi kuwa 1. Lakini alama zikishikana, habari inabadilika. Chukua mlalo wenye visanduku vitano, ambamo cha kwanza ni kidogo kuliko cha pili, na cha pili ni kidogo kuliko cha tatu. Cha kwanza kina wawili wanaokizidi, kwa hiyo hakiwezi kupita 3. Cha tatu kina wawili chini yake, kwa hiyo hakiwezi kupungua 3. Cha kati kimebanwa pande zote, kinabaki na 2, 3 au 4. Andika hizo namba kwa penseli, ndogondogo, kwenye kona ya kila kisanduku. Hao ndio wagombea wako.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo utamu unapoanza. Tuseme kisanduku cha tano cha mlalo huo kimekwisha kupewa 4. Hiyo 4 inafutwa kwingine kote mlaloni, hivyo cha kati kinabaki na 2 au 3, na cha tatu kinabaki na 3 au 5. Sasa rudi kwenye mnyororo. Ikiwa cha kati hakizidi 3, cha kwanza hakiwezi tena kuwa 3, maana kingekosa wa kukizidi. Kinabaki na 1 au 2. Hakuna aliyekigusa kisanduku cha kwanza moja kwa moja. Mgombea alifutwa katikati, naye wa mkiani akaanguka. Halafu tuseme kwenye wima ya kisanduku cha tatu 5 imekwisha kutumika kwingine. Cha tatu kinakuwa 3, cha kati kinakuwa 2, cha kwanza 1, na cha nne kinachukua 5 iliyosalia. Mlalo mzima umejaa kwa sababu ya kufuta namba moja tu. Kwa hiyo kila unapofuta mgombea kwenye kisanduku chenye alama, fuata mnyororo mpaka mwisho wake, mbele na nyuma, kabla ya kuhamia kwingine.

Mnyororo si lazima unyooke. Unaweza kupinda kona, ukashuka, ukapanda, na hesabu ikabaki ileile. Ila kuna mtego unaowaangusha hata wenye uzoefu. Kisanduku kinapowazidi jirani wawili, wa kushoto na wa kulia, jirani hao wako mlalo mmoja, kwa hiyo hawafanani. Mmoja akiwa 1, mwingine ni 2 au zaidi, na mkubwa wao anaanzia 3. Lakini kikiwazidi wa kushoto na wa juu, hao hawashiriki mlalo wala wima. Wote wawili wanaweza kuwa 1, na mkubwa wao akawa 2. Ukimwanzishia 3 hapo umeifuta namba ambayo huenda ndiyo jibu.

Tufumbue moja mpaka mwisho. Hili la 4 kwa 4 nimelitunga mwenyewe. Namba ni 1 mpaka 4. Milalo nimeiita A mpaka D, na wima 1 mpaka 4.

```
    1   2   3   4

A   .   .   .   3

B   . < . > .   .
        ^   v
C   .   .   .   .

D   .   .   .   .
```

Usianzie kwenye 3 iliyoandikwa. Anzia B2, kwa sababu ndipo alama tatu zinapokutana. Kisanduku hicho kinawazidi B1 na B3, jirani wa mlalo mmoja, hivyo si chini ya 3. Wakati huohuo kinazidiwa na C2 chini yake, hivyo hakiwezi kuwa 4. Kilichobaki ni 3, na C2 inakuwa 4. B1 na B3 wote ni wadogo kuliko 3, maana yake wamegawana 1 na 2, ingawa bado hatujui nani kachukua ipi. Hilo halituzuii kuiweka 4 kwenye B4.

Alama ya mwisho inasema C3 ni ndogo kuliko B3. B3 haiwezi kuwa 1, kwani hakuna kilicho chini ya 1. Basi B3 ni 2, C3 ni 1, na B1 inachukua 1.

Sasa ndiyo ile 3 iliyoandikwa inaingia kazini. Wima ya tatu imekwisha kutumia 2 na 1, hivyo A3 ni 3 au 4. Lakini mlalo A una 3 tayari. A3 ni 4, na D3 ni 3. Mlalo A umebakiwa na 1 na 2. Wima ya kwanza ina 1 pale B1, kwa hiyo A1 ni 2 na A2 ni 1. D2 inapata 2. Mlalo C unadai 2 na 3. C4 haiwezi kuwa 3 kwa sababu ya A4, hivyo C4 ni 2 na C1 ni 3. D1 inabakiwa na 4, D4 inabakiwa na 1.

```
A   2   1   4   3
B   1   3   2   4
C   3   4   1   2
D   4   2   3   1
```

Hatukubahatisha hata mara moja. Ukiona kisanduku kimekosa mgombea kabisa, au namba imekosa pa kukaa katika mlalo wake, ujue ulifuta kitu usichopaswa kufuta huko nyuma. Kagua kwanza kona zako.

Mnyororo pia una kikomo cha nguvu. Wa visanduku vitatu kwenye jedwali la 4 kwa 4 unamwachia kila mmoja wagombea wawili. Mnyororo uleule kwenye jedwali la 9 kwa 9 unawaachia saba. Huko utaitegemea zaidi sheria ya kutorudia, na alama zitakusaidia baadaye, wagombea wakishapungua.

Jedwali la 4 kwa 4 bila alama wala namba lina njia 576 za kujazwa. Chukua penseli, ifute ile 3 ya A4 na uziache alama nne peke yake: majibu yanayobaki ni 6. Moja unalo hapo juu. Tafuta mengine matano.