Laptopu Kuukuu Ikichechemea Kwenye Gemu: Ni Joto au Ni Udhaifu Wake?

Laptopu ya gemu iliyotumika miaka sita au saba inapokwamakwama mbele ya mteja, muuzaji huwa na jibu tayari: ni vumbi tu, fundi akiisafisha na kuibadilishia pesti itarudi kama mpya. Jibu hilo linaweza kuwa kweli kabisa. Linaweza pia kuwa njia ya kuondoa dukani mashine ambayo haikuwahi kuwa na nguvu. Tofauti hupimika kabla ya kulipa, kwa kuwa uzee wa mfumo wa kupoza una dalili yake: mashine huanza vizuri, kisha hulegea kadiri inavyopata moto. Iliyo dhaifu tangu dakika ya kwanza, ingali baridi, ina ugonjwa mwingine.

Ndani ya laptopu, prosesa na chipu ya michoro hugusana na bamba la shaba kupitia utando mwembamba wa pesti ya kupitisha joto, ile ambayo mafundi huiita themo pesti. Kutoka kwenye bamba, mabomba bapa ya shaba hupeleka joto kwenye vibati vilivyopangwa kwa kusongamana, na feni huvipulizia hewa. Njia hiyo huharibika sehemu mbili. Vumbi na nyuzi za nguo hujikusanya kati ya feni na vibati, ndani kabisa, mpaka vikawa kama kipande cha blanketi. Kwa hiyo matundu ya nje yanaweza kuonekana safi huku njia imeziba. Pesti nayo hukauka, na kwa sababu chipu na shaba hutanuka na kusinyaa kila mashine inapowaka na kupoa, husukumwa pembeni taratibu na kuacha mapengo ya hewa katikati ya chipu, penye joto kali zaidi.

Chipu haisubiri kuungua. Ikifika kikomo chake hujipunguza kasi yenyewe ili izalishe joto kidogo. Chukua mfano wa laptopu yenye prosesa ya Intel Core i7-7700HQ na kadi ya GeForce GTX 1050 Ti, za mwaka 2017, ambazo bado zinauzwa kwa wingi. Prosesa hiyo ina viini vinne, kikomo chake ni nyuzi 100, na viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja huweza kufika gigahezi 3.4. Mnunuzi anaweza kuja na HWiNFO64 na GPU-Z kwenye flashi, kwa kuwa programu zote mbili hupatikana bure na zina matoleo yasiyohitaji kusakinishwa. Chaja huchomekwa, gemu nzito hufunguliwa, nayo huachwa ikienda kwa dakika kumi na tano au ishirini bila kusimamishwa.

Tuseme dakika ya kwanza inaonyesha gigahezi 3.4, nyuzi 80, na gemu linatoa fremu 60 kwa sekunde. Kufikia dakika ya nane prosesa iko nyuzi 98, kasi inarukaruka kati ya gigahezi 2.2 na 2.6, fremu zimeshuka hadi 40, na HWiNFO64 inaandika `Yes` mbele ya `Core Thermal Throttling`. Hapo joto lina hatia, bila ubishi. Ikiwa kadi ya michoro ndiyo iliyozidiwa, GPU-Z huandika `Thrm` kwenye mstari wa `PerfCap Reason`. Ikiandika `Pwr`, kadi imefika kikomo cha umeme ilichowekewa, na hakuna brashi itakayobadilisha hilo.

Kuna mporomoko mmoja unaowadanganya wengi. Prosesa za Intel za laptopu huruhusiwa kula umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi nusu dakika hivi, kisha hurudishwa kwenye kiwango cha kudumu, ambacho kwa i7-7700HQ ni wati 45. Kasi ikishuka kidogo wakati huo, joto nalo likashuka au likatulia, mashine inafanya ilivyoundwa. Mporomoko wa joto huonekana tofauti: kasi na wati hushuka, lakini nyuzi hubaki zimeganda karibu na kikomo.

Baada ya kuthibitisha kwamba tatizo ni joto, inafaa kujua ni vumbi au ni pesti, maana kutoa vumbi ni kazi ndogo kuliko kung'oa mfumo mzima wa shaba. Mwendo wa joto husaidia. Pesti iliyokufa hufanya chipu iruke kutoka nyuzi 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache tu za kazi nzito, kisha ianguke haraka kazi inaposimama, kwa sababu joto halivuki kwenda kwenye shaba. Njia ya hewa iliyoziba hupandisha joto polepole kwa dakika kadhaa, na hushusha polepole vilevile, kwani shaba yote imeshajaa moto. Mkono kwenye tundu la kutolea hewa hutoa ushahidi wa pili. Upepo dhaifu wenye moto mkali huashiria vumbi au feni iliyochoka. Upepo wa nguvu ulio vuguvugu, huku chipu ikiwa nyuzi 97, huashiria pesti. Feni inayokwaruza haiponi kwa kusafishwa, hivyo bei ya feni mpya iingie kwenye hesabu.

Sasa upande wa pili: fremu ni chache, lakini prosesa iko nyuzi 65. Hapa hadithi ya vumbi haina msingi. Chaja ndiyo ya kukaguliwa kwanza, maana madukani laptopu mara nyingi huuzwa na chaja isiyo yake. Baadhi ya laptopu za Dell, zisipoitambua chaja, huishusha prosesa hadi karibu gigahezi 0.8, gemu hukwama hata mashine ikiwa baridi. Kinachofuata ni memori, kwa sababu kipande kimoja badala ya viwili huipunguzia prosesa upana wa njia ya data. Huenda pia gemu linatumia michoro ya ndani ya prosesa na kuiacha kadi ikiwa imelala, jambo linaloonekana kwenye Task Manager.

Halafu kuna kadi zenye jina moja na nguvu tofauti. GeForce MX150 iliuzwa ikiwa ya wati 25 na pia ya wati 10, jina lilelile, na ile ndogo ina kasi ya chini sana. RTX 3060 ya laptopu huwekwa na watengenezaji popote kati ya wati 60 na 115. Anayelinganisha mashine ya dukani na video aliyoiona anaweza kuwa analinganisha kadi mbili tofauti.

Usafi nao una mipaka. Laptopu nyembamba nyingi zilifika nyuzi 95 tangu zikiwa mpya, kwa hiyo nyuzi hizo peke yake hazithibitishi uchakavu. Cha kutazama ni kasi iliyopotea. Chumba pia huhesabika: kipimo cha Ulaya chenye nyuzi 20 hakiwezi kurudiwa kwenye duka la Kariakoo lenye nyuzi 32, kwani kila nyuzi ya chumba huongezeka karibu nzima nzima kwenye chipu. Na katika mfano wetu, kilicho cha kurudishwa ni zile fremu 20 kati ya 40 na 60. Ikiwa gemu analolitaka mnunuzi linadai 90, GTX 1050 Ti haitazifikisha hata baada ya pesti mpya. Muuzaji anayeamini maneno yake anaweza kuisafisha mwenyewe kwanza, kisha jaribio lilelile lirudiwe, gemu lilelile na dakika zilezile, kabla bei haijafungwa.