Ada Imelipwa, Bima Imefutwa: Barua Iseme Nini?

Chukua mfano wa mwenye gari Mwanza aliyehamisha shilingi 850,000 kutoka benki yake tarehe 3 Machi. Tarehe 20 anapata barua: bima imefutwa kwa kutolipa ada. Mara nyingi fedha hazikupotea. Zimeingia kwenye akaunti ya kampuni bila namba ya hati ya bima, au kwa jina la mke aliyetuma, na mhasibu ameziweka kando kama malipo yasiyotambuliwa.

Kwa hiyo barua ya kupinga isianze na hasira. Impe mhasibu njia ya kuzitafuta. Itaje namba ya hati, kiasi kamili, tarehe, namba ya muamala, jina la aliyetuma na akaunti iliyopokea. Picha ya simu inayoonyesha "umetuma" haitoshi, kwani muamala unaweza kurudishwa. Omba benki ithibitishe kwa maandishi kwamba fedha zilifika na hazikurudi.

Ombi lenyewe ndilo watu hulikosea. Wakiandika tu "naomba bima irejeshwe", kampuni inaweza kuianzisha upya leo, na ajali ya tarehe 22 ikabaki bila kinga. Andika: "Naomba ufutaji ubatilishwe tangu siku ulipofanyika, bila pengo, na mnithibitishie kwa maandishi."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa mapokezi. Kampuni ikikataa, malalamiko yapelekwe TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Hadi jibu lije, gari lisitembee.