Kuisafisha Barua ya Deni Iliyoandikwa kwa Hasira

Rasimu ya kwanza ya barua ya kudai malipo huandikwa siku ambayo uvumilivu umekwisha. Ndani yake huwa kuna mambo mawili yaliyochanganyika: haki ya mdai na uchungu wa kuzungushwa. Anayeisafisha hutakiwa kuutoa uchungu bila kuigusa haki, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Hufuta matusi, kisha kwa kuogopa kuonekana wakorofi, huanza kuandika “naomba mnifikirie” na “kama itawezekana”. Barua inakuwa na adabu, lakini haidai tena. Mkurugenzi akiisoma anaona ombi la msaada, na ombi la msaada halina tarehe ya mwisho.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila fundi yeyote wa Tanzania aliyewahi kuuza kwa mkopo ataitambua hali yake. Seremala ameiuzia shule binafsi madawati 60 kwa Sh. 75,000 kila moja. Amepokea malipo ya awali, salio halijatoka, na rasimu yake inasomeka hivi:

“Mkurugenzi, nimechoka na uongo wenu. Kila siku njoo kesho, njoo kesho. Mhasibu wenu ni tapeli, anaona simu yangu anakata makusudi. Miezi mitatu sasa mmekalia milioni tatu zangu huku watoto wanakalia jasho langu. Nataka hela yangu YOTE na fidia ya usumbufu. La sivyo nakuja na gari kubeba madawati yangu, na wazazi wote nitawaambia kwenye magrupu mjue mimi ni nani.”

Kabla ya kufuta chochote, rasimu kama hii husomwa kwa kalamu mkononi, na kila sentensi huulizwa swali moja: inasema jambo lililotokea, inadai kitu, au inaeleza maumivu? Ikichambuliwa hivyo, rasimu ya seremala inageuka kuwa na madai mengi kuliko inavyoonekana. Anataka salio lote. Anataka fidia. Anataka mtu wa kuzungumza naye, maana lalamiko la simu kukatwa si kingine ila dai la kujibiwa. Na anataka ijulikane kwamba asipolipwa atachukua hatua. Madai hayo manne huandikwa pembeni kwenye karatasi nyingine, na karatasi hiyo hubaki mezani mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo itakayotumika kuikagua barua safi. Dai lililokuwa kwenye rasimu likakosekana kwenye barua safi limepotea kwa bahati mbaya, labda kama mwandishi ameliacha kwa kukusudia.

Hatua inayofuata ni kuweka nyaraka mezani: makubaliano, ankara, hati ya makabidhiano yenye sahihi ya mpokeaji, na taarifa ya benki au ujumbe wa malipo kwenye simu. Hapa hasira hugundulika kuwa mhasibu mbovu. Kwa mujibu wa karatasi, bei yote ni Sh. 4,500,000 na shule imekwisha kulipa Sh. 1,800,000, kwa hiyo salio ni Sh. 2,700,000, si milioni tatu. Madawati yalikabidhiwa tarehe 3 Machi na salio lilipaswa kulipwa ndani ya siku 30, yaani kufikia tarehe 2 Aprili. Barua ikiandikwa tarehe 12 Mei, deni limechelewa kwa siku 40, si miezi mitatu. Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwa anayedai, lakini kwa anayedaiwa ni zawadi. Atajibu kosa la hesabu, ataacha deni lenyewe, na wiki mbili nyingine zitapita katika mabishano ya milioni tatu au pungufu.

Nyaraka hufichua pia lile ambalo rasimu imelinyamazia. Madawati manne yalikuwa yamelegea maungio, yakarudishwa karakana, yakatengenezwa, na shule ikayapokea tena kwa sahihi tarehe 20 Machi. Mwenye hasira hapendi kutaja jambo la namna hii. Mwenye busara hulitaja yeye mwenyewe, kwa tarehe, kwa kuwa ndicho kisingizio cha kwanza ambacho shule itakishika. Likishasemwa ndani ya barua pamoja na karatasi ya mapokezi, halina nguvu tena.

Baada ya hapo zinakuja zile sentensi kali, na kila moja ina tiba yake. “Uongo wenu” hubadilishwa kuwa ahadi yenye tarehe: tarehe 24 Aprili ofisi ya uhasibu iliahidi kulipa kufikia tarehe 30 Aprili, na malipo hayakufanyika. Msomaji atafika mwenyewe kwenye neno uongo bila kuandikiwa. Kumwita mhasibu tapeli hakuna tiba, huondolewa tu. Ni tuhuma ya jinai dhidi ya mtu mmoja, haiwezi kuthibitishwa kwa simu iliyokatwa, na inaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa wa kashfa. Isitoshe, mara nyingi mhasibu ndiye atakayeandika hundi.

Vitisho viwili vya mwisho vinahitaji uangalifu zaidi. Bidhaa ikishauzwa na kukabidhiwa, kwa kawaida ni mali ya mnunuzi hata kama hajamaliza kuilipa, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Seremala anayeingia shuleni na gari kubeba madawati anaweza kujikuta polisi yeye, wakati deni bado ni la shule. Kuwatangazia wazazi kwenye simu nako kunafungua mlango wa kesi, na hakuleti hata shilingi. Lakini kufuta vitisho hivyo bila kuweka kitu mahali pake ndiko kunakoifanya barua ilegee. Mahali pake panakaa hatua ambayo mdai ana haki nayo na yuko tayari kuichukua kweli: kufungua madai mahakamani. Kwa deni dogo la mkataba kama hili, mahakama ya mwanzo inatosha.

Dai gumu kuliko yote ni fidia. Makubaliano ya seremala hayakutaja riba wala faini ya kuchelewa, hivyo akiandika “fidia Sh. 500,000” ataulizwa imetoka wapi. Kuifuta nako ni kuiachia shule haki yake. Njia ya katikati ni kudai salio sasa, na kuandika wazi kwamba suala likifika mahakamani, riba na gharama zitadaiwa pia. Dai limebaki hai bila kubeba tarakimu isiyo na mguu.

Kazi hiyo yote ikikamilika, barua huwa fupi kuliko mtu anavyotarajia. Kichwa chake hubeba kiasi na namba ya ankara, kwa maana karani wa masjala husoma kichwa tu anapoamua iende meza gani. “YAH: MALALAMIKO” hupelekwa popote, hata kwenye jalada la maoni ya wazazi.

“12 Mei 2025

YAH: MADAI YA SALIO LA SH. 2,700,000, MADAWATI 60, ANKARA NA. 017

Tarehe 3 Machi 2025 karakana yetu ilikabidhi shuleni kwako madawati 60 kwa bei ya jumla ya Sh. 4,500,000. Shule ilitanguliza Sh. 1,800,000. Kwa makubaliano yetu, salio la Sh. 2,700,000 lilipaswa kulipwa kufikia tarehe 2 Aprili 2025.

Madawati 4 yaliyokuwa na kasoro yalitengenezwa, na shule iliyapokea tarehe 20 Machi 2025. Tangu hapo hatujapokea lalamiko jingine.

Tulifika ofisini kwenu tarehe 9 na 24 Aprili. Tarehe 24 Aprili ofisi ya uhasibu iliahidi malipo kufikia tarehe 30 Aprili. Hadi leo salio halijalipwa, na limechelewa kwa siku 40.

Tunadai Sh. 2,700,000 zilipwe zote kwenye akaunti iliyo katika ankara kufikia Jumatatu, tarehe 26 Mei 2025. Tunadai pia kuandikiwa, kufikia Ijumaa, tarehe 16 Mei 2025, jina la afisa atakayeshughulikia malipo haya. Kama shule inapinga sehemu yoyote ya deni, ieleze sehemu hiyo na sababu yake kwa maandishi kufikia tarehe hiyohiyo.

Malipo yasipofanyika kufikia tarehe 26 Mei, tutafungua madai mahakamani bila taarifa nyingine, na tutadai pia riba na gharama.

Viambatisho: makubaliano, ankara, hati mbili za mapokezi.”

Ile karatasi ya madai manne sasa hurudishwa mezani. Salio lipo, pamoja na tarehe. Mtu wa kuzungumza naye yupo, naye ana tarehe yake. Fidia imehifadhiwa na hatua imetajwa. Hakuna “naomba” hata moja, na hakuna neno ambalo mkurugenzi anaweza kulinyooshea kidole mbele ya bodi ya shule. Kitenzi “tunadai” huwasumbua baadhi ya waandishi kana kwamba kina ukali. Ukweli ni kwamba hutaja uhusiano uliopo kati ya mdai na mdaiwa, basi. Ubaridi wa barua unatokana na tarehe na tarakimu, kwa hiyo haihitaji kusindikizwa na aya ya “ninaamini mtanielewa”.

Sentensi inayoitaka shule ieleze inachopinga huonekana kama kumfungulia mdaiwa mlango wa kukwepa, kumbe ndiyo yenye faida kubwa. Shule ikijibu kwamba itamaliza Juni ada zikiingia, imekiri deni kwa maandishi. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na maandishi yenye sahihi yanayokiri deni kabla muda haujaisha huanzisha hesabu hiyo upya. Barua ya matusi haipati jibu la aina hiyo. Aliyetukanwa hujibu tusi, au hakujibu kabisa.

Barua hupelekwa kwa mkono ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wasipokuwa na muhuri, mpokeaji huandika jina, cheo na sahihi. Picha ya barua kwenye simu inafaa kuwa nyongeza, lakini isichukue nafasi ya nakala yenye muhuri. Ni vizuri pia rasimu isafishwe siku moja na barua ipelekwe siku inayofuata, baada ya mtu asiyehusika kuisoma na kueleza kwa maneno yake kinachodaiwa, kiasi gani na lini. Akikwama kwenye mojawapo, barua bado haijawa tayari.

Mara nyingi kinachofuata ni malipo nusu. Shule italeta, tuseme, Sh. 1,000,000 na kutegemea kelele ziishe. Fedha hupokewa, na risiti huandikwa “sehemu ya malipo ya ankara na. 017, salio Sh. 1,700,000”, kisha mlipaji huweka sahihi kwenye nakala. Risiti isiyotaja salio humwacha mdai akianza upya kuthibitisha deni ambalo barua yake ilikuwa imeshalithibitisha.