Kati ya 'Koma' na 'Homa'

Ujumbe mwingi wa simu unaotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo humalizika kwa maneno kama haya: "Kujitoa, tuma STOP." Aliyeyaandika anategemea kurudishiwa herufi nne kubwa, basi. Kinachorudi ni "stopp", "Sotp", "ACHENI", "ctaki tena", "nitoeni jamani", na mara mojamoja tusi. Wote hao wamesema jambo lile lile. Mfumo unaozitambua herufi nne peke yake hautamwelewa hata mmoja, na kesho asubuhi utawatumia tena.

Kisheria, kosa hilo ni la mtumaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Lakini tuyaache matangazo, tutazame huduma ambayo watu wengi huipenda na wachache wana sababu nzito ya kuikimbia: ujumbe wa ushauri kwa wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga. Tanzania iliwahi kuwa na kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambapo mtu alijiunga kwa kutuma neno "mtoto" kwenda namba 15001. Tuseme tunaendesha huduma ya aina hiyo leo, na majibu yameanza kumiminika.

Swali la kwanza ni kama jibu linafika. Ujumbe ukija kwa jina badala ya namba, mpokeaji hawezi kuujibu. Akibonyeza kujibu, simu inagoma au jibu linapotelea hewani. Ndiyo maana mtumiaji wa Safaricom nchini Kenya huona mwishoni mwa matangazo STOP *456*9*5#, yaani apige namba hiyo kwa kuwa kujibu hakuwezekani. Huduma inayotaka kusikia majibu sharti itumie namba fupi inayopokea, na jibu liwe la bure. Aliyeishiwa salio naye ana haki ya kujitoa.

Jibu likifika, husafishwa kabla ya kusomwa. Herufi zote zinafanywa ndogo, alama na vikatuni vinaondolewa, na herufi iliyorudiwa mara tatu au zaidi inabaki moja, ili "stoooop" iwe "stop". Mbili zikifuatana ziachwe, maana Kiswahili kina "saa" na "choo". Kisha unatengenezwa nakala ya pili kwa kufuata uandishi wa vijana: "x" inasomwa "s", na "c" isiyofuatwa na "h" inasomwa "si". Hapo "uxinitumie" inakuwa "usinitumie", na "ctaki" inakuwa "sitaki". Nakala ya awali haifutwi, kwa sababu kuna atakayetaka kuiona kwa macho.

Makosa ya vidole nayo yana utaratibu wake, na hutegemea simu. Kwenye simu janja, kidole huangukia herufi jirani: "dtop", "atop", "stip". Kwenye kiswaswadu, mtu huandika "stop" kwa kubonyeza 7 mara nne, 8 mara moja, 6 mara tatu, kisha 7 mara moja. Akipunguza bonyezo moja mwanzoni anapata "rtop", akilipunguza kwenye 6 anapata "stnp", akizidisha mwishoni anapata "stoq". Na kama simu hiyo inabashiri maneno ya Kiingereza, mfuatano wa 7867 unaweza kutoa "stop", "runs" au "suns". Mama wa Mbeya aliyejibu "suns" na kunyamaza hakuwa anazungumzia jua.

Mwaka 1964 Frederick Damerau, mtaalamu wa kompyuta, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne tu: herufi moja imekosekana, imezidi, imebadilishwa na nyingine, au herufi mbili jirani zimebadilishana nafasi. Kutokana na hapo mafundi wengi huweka kanuni rahisi: neno linalotofautiana na "stop" au "acha" kwa kosa moja la namna hiyo lihesabiwe kuwa ndilo. Kwa neno refu kama "unsubscribe" kanuni hii inafaa sana, na hata makosa mawili yanaweza kuvumiliwa. Kwa maneno mafupi ya Kiswahili ni hatari.

Tazama "koma". Badili herufi moja tu, unapata "homa". Umemuuliza mama mtoto wake anaendeleaje, amejibu "homa", na mfumo umemfuta kwenye orodha siku ile ile aliyohitaji kuambiwa ampeleke kituo cha afya. Ongeza herufi moja kwenye "acha" unapata "pacha", jibu la kawaida kabisa kwa mama aliyeulizwa kama amejifungua. "Toa" na "poa" nazo zimepishana herufi moja.

Kwa hiyo maneno yenye herufi nne au pungufu hayapaswi kukisiwa. Yaandikiwe orodha kwa mkono: stp, sotp, stpo, stopu, stopp, rtop, stnp, hacha, achaa, na kila jipya litakalojitokeza. Yenye herufi tano hadi saba yaruhusiwe kosa moja. Kando yake iwepo orodha ya ulinzi, yaani maneno halali ambayo kamwe hayahesabiwi kuwa makosa ya mengine: homa, pacha, poa, soma, kama. Orodha hiyo haitolewi kwenye kamusi. Inatokana na majibu ambayo huduma yenyewe imeshawahi kuyapokea.

Hata neno likiwa limeandikwa sawasawa, bado halijamaliza kazi. "Acha" peke yake ni kujitoa, hakuna ubishi. Lakini "acha niende kliniki kwanza" ni mtu anayeomba muda, "wacha nifikirie" vilevile, na "nimeacha kunyonyesha" ni taarifa ambayo muuguzi angependa kuipata. Kadiri jibu linavyokuwa fupi ndivyo neno moja linavyoaminika zaidi. Jibu likivuka maneno matatu, tazama kinachofuata baada ya hilo neno. "Acheni kunitumia" inaondoa. "Acha nitumie" haisemi hivyo.

Kuna pia ukanushi, ambao Kiswahili huuficha katikati ya kitenzi. "Mnitumie" na "msinitumie" zimetenganishwa na silabi moja, na "msiache kunitumia" ni ombi la kuendelea ingawa ndani yake kuna "ache" na "kunitumia". Kanuni ninayoiona salama ni hii: kitenzi cha kukomesha, kama kuacha, kusitisha au kuondoa, kikibeba "si" ya ukanushi, jibu hilo lisomwe na mtu. Mashine isijaribu kuwa hodari hapo.

Halafu "hapana". Neno hili halina maana mpaka ujue lilijibu nini. Katika utafiti wa WelTel nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi walitumiwa kila wiki neno moja, "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Majibu hayo yalieleweka kwa sababu swali lilikuwa moja na lilijulikana. Kwetu, "hapana" baada ya "Je, ungependa kuendelea kupokea ujumbe huu?" ni kujitoa. Baada ya "Je, mtoto amechanjwa?" si kujitoa. Mfumo usiokumbuka ujumbe wa mwisho aliotumiwa mtu huyo hautajua tofauti.

Majibu yanayouma zaidi hayana neno lolote la kukomesha. "Mtoto hayupo tena." "Mimba iliharibika." Mama aliyeandika hivi hakutafuta STOP, na hapaswi kuamka wiki ijayo akutane na ujumbe unaosema mtoto wake sasa anaanza kukaa. Maneno kama hayupo, alifariki, iliharibika na tulimzika yasimamishe ujumbe papo hapo na kumwita mtu. Asipelekewe ule ujumbe wa kawaida wa "Asante, umeondolewa". Wa kundi hili pia ni "umekosea namba" na "mwenye laini hii alihama", ambao ni ombi la kuondolewa hata kama halikuandikwa hivyo.

Basi majibu yagawanywe mafungu matatu: ya kuondoa mara moja, ya kusomwa na mtu, na ya kuendelea. Fungu la kati lina sharti moja, kwamba namba iliyomo haitumiwi chochote mpaka isomwe, na isomwe siku hiyo hiyo. Chukua jibu "jmn ctk tna". Baada ya kusafishwa, "ctk" inakuwa "sitk", yenye upungufu wa herufi mbili ikilinganishwa na "sitaki". Imevuka kosa moja tulilolikubali, hivyo haiondolewi kiotomatiki, lakini kwa kuwa inaanza na "sit" na haimo kwenye orodha ya ulinzi, inaingia fungu la kati. Msomaji anaielewa kwa kuitupia jicho tu: jamani, sitaki tena. Anamwondoa, kisha anaiongeza "ctk" kwenye orodha ya mkono. Jibu la pili ni "homa stop". Pengine homa imekatika, pengine anajitoa huku mtoto akiumwa. Hili linapigiwa simu.

Anayeondolewa apate ujumbe mmoja tu wa kuthibitisha: "Tumekuondoa. Hutapokea ujumbe wetu tena. Ukitaka kurudi tuma MTOTO." Sentensi ya mwisho ndiyo inayoturuhusu kuondoa hata tunapokuwa na shaka ndogo, kwa sababu aliyeondolewa kimakosa anajua na anaweza kurudi kwa neno moja. Aliyejitoa asisikilizwe hana ujumbe wowote wa kumwambia hivyo.

Utajuaje kama kuna waliokupita? Soma fungu la tatu, lile ambalo mashine imesema halina neno. Chota majibu 300 bila kuchagua. Ukikosa hata moja la kujitoa, usishangilie mapema: kwa hesabu ya takwimu, bado inawezekana kwamba karibu moja katika kila 100 limepita, na kwenye majibu 20,000 hao ni watu 200. Dalili nyingine ni namba iliyojibu mara mbili mfululizo bila kueleweka. Mara nyingi jibu la pili huwa na hasira kuliko la kwanza.

Mwisho kuna kosa ambalo halihusu lugha kabisa. Jibu limeeleweka na namba imefutwa, lakini mwezi ujao kituo cha afya kinaleta orodha mpya na namba ile ile imo, safari hii ikianza na 0 badala ya 255. Namba zote ziandikwe kwa mtindo mmoja kabla ya kulinganishwa. Na aliyejitoa asifutwe kabisa: namba yake ihamie kwenye orodha ya wasiotumiwa, ambayo kila orodha mpya inapitishwa hapo kwanza, na asitolewe humo mpaka atume MTOTO yeye mwenyewe.