Umejibu NDIO, lakini programu imesoma nini?

Ni saa mbili usiku. Meseji inaingia kutoka kwa muuza maziwa wako: "Kesho tukuletee lita 2 kwa Sh120? Jibu NDIO au LA." Unajibu: "Ndio lakini lita 1." Asubuhi bodaboda inafika na lita mbili. Nani amekosea?

Usimlaumu muuzaji haraka. Jibu lako halikusomwa na mtu. Lilienda kwa namba fupi, kisha kampuni inayomsafirishia SMS ikalisukuma hadi kwenye anwani ya seva yake. Anwani hiyo inayopokea ujumbe huitwa webhuku. Kilichofika ni hiki:

```
from=+2547XXXXXXXX
text=Ndio lakini lita 1
id=8841
```

Programu yake ilitafuta "ndio" popote kwenye sentensi, ikaipata, ikaandika oda. Ingeanza kutafuta "la", pia ingeipata, ndani ya "lakini"! Oda yako ingefutwa kabisa.

Kama una biashara na unatumia mfumo kama huu, mwambie fundi wako alinganishe jibu lote, si kipande. Kwanza programu iondoe nafasi na nukta za pembeni, igeuze herufi zote ziwe kubwa, kisha ikubali NDIO au NDIYO pekee kama oda, na LA pekee kama kukataa. Jibu lingine lolote lisikisiwe. Mteja atumiwe: "Hatujaelewa. Jibu NDIO au LA pekee." Hata bora, mpe namba: 1 kwa lita moja, 2 kwa lita mbili, 0 kama hataki.

Kuna shida nyingine. Seva ikichelewa kusema "nimepokea", kampuni ya SMS inaweza kutuma ujumbe uleule tena. Mteja amejibu mara moja, lakini oda zinakuwa mbili. Dawa ni ile `id`: programu iiweke kwenye kumbukumbu, na ikiiona mara ya pili, isifanye kitu.

Na pesa je? NDIO iandike oda tu, isikate pesa. Namba ya mtumaji pekee haithibitishi ni nani ameshika simu. Hata mtoto anaweza kujibu. Malipo yaje kama ombi kwenye skrini yako, uone jina na kiasi, ndipo uweke PIN hapo. Ukiambiwa ujibu SMS kwa kuandika PIN, huyo ni tapeli.

Kwako mteja: jibu kwa neno uliloambiwa, bila maelezo. Kama meseji imetoka kwa jina badala ya namba, jibu lako halitafika. Tafuta namba ya kujibu ndani ya meseji yenyewe. Na usipopata uthibitisho, usidhani oda imeingia. Piga simu uulize.