Mgonjwa Mmoja, Nyumba Nzima Huitwa Kliniki

Mtu akianzishiwa dawa za kifua kikuu, mhudumu wa kliniki ya TB humuuliza: nyumbani mnalala wangapi? Anauliza hivyo kwa sababu vimelea vya TB ya mapafu husafiri kwa hewa, na anayelala chumba kimoja na mgonjwa huvivuta usiku kucha. Wengi walioambukizwa hawaugui. Vimelea hukaa mwilini vimelala, na kati ya watu 100 wenye maambukizi hayo, 5 hadi 10 ndio huja kuugua, hasa katika miaka miwili ya mwanzo. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wenye VVU na kwa watoto wa chini ya miaka 5, ambao TB huweza kuwapanda hadi kwenye utando wa ubongo.

Isoniazidi huviua vimelea hivyo vingali vimelala. Humezwa kila siku kwa miezi 6. Watoto wa chini ya miaka 5 na wenye VVU ndio wa kwanza kupewa, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeruhusu hata wakubwa wanaoishi na mgonjwa ambaye vipimo vimethibitisha TB ya mapafu. Chanjo ya BCG aliyopata mtoto haimwondoi kwenye orodha.

Tuchukue nyumba ya fundi seremala aliyethibitishwa kwa makohozi. Ndani wamo mke anayenyonyesha, mtoto wa miaka 3 mwenye kilo 12, na shemeji anayelala sebuleni. Kila mmoja anaulizwa kuhusu kikohozi, homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Kwa mtoto huangaliwa pia kama anaongezeka uzito na kama bado anacheza. Mama na mtoto hawana dalili yoyote. Shemeji anakohoa, na anasisitiza kuwa ni vumbi la mbao tu.

Shemeji hapewi isoniazidi siku hiyo, na wengi hudhani amenyimwa. Dawa moja inatosha pale vimelea ni vichache na vimelala. Kwa mtu ambaye tayari anaumwa, vimelea ni vingi mno, na dawa moja peke yake huua vile dhaifu ikaviacha vilivyo sugu viendelee kuzaana. Kwa hiyo anapimwa makohozi kwanza. Akikutwa na TB atatumia dawa kamili kama za fundi. Asipokutwa nayo, ndipo tiba kinga itazungumzwa.

Kipimo cha mtoto hufuata uzito: takriban miligramu 10 kwa kila kilo. Wa kilo 12 mara nyingi hupewa kidonge kimoja na nusu cha miligramu 100, na uzito ukibadilika kipimo hupangwa upya. Mtu mzima humeza miligramu 300. Mama huyu anaendelea kunyonyesha kama kawaida, ila ataongezewa vitamini B6, kwa kuwa isoniazidi huweza kudhuru neva za miguu na mikono. Siku akisahau kidonge, kesho yake hamezi viwili.

Kabla ya kuanza, mhudumu huuliza pia kuhusu ini na pombe. Mwenye homa ya ini, mnywaji wa kupindukia au mwenye ganzi ya miguu tayari husubirishwa.

Ini ndilo la kuangaliwa zaidi, na hapo familia hujidanganya kwa kulinganisha mikojo. Mkojo wa fundi ni wa rangi ya chungwa kwa sababu anatumia rifampisini, na kwake hilo si tatizo. Mke anayemeza isoniazidi peke yake hapaswi kuona badiliko hilo. Mkojo wake ukiwa mweusi kama chai ya rangi, akakosa hamu ya kula, akatapika, akaumwa tumbo upande wa kulia juu au macho yakawa ya manjano, aache vidonge na aende kituoni siku hiyo hiyo. Asisubiri tarehe ya kuchukua dawa. Ganzi au kuchomachoma nyayoni, vipele na degedege navyo viripotiwe mapema.

Kikohozi au homa ikianza katikati ya miezi hiyo 6, nayo ni ya kuripoti, maana huenda TB imeamka na vidonge hivyo havitoshi tena. Siku hizi zipo pia tiba kinga fupi za miezi 3 zenye rifampisini au rifapentini, na hizo hubadilisha rangi ya mkojo, kwa hiyo ni vyema kujua jina la dawa uliyopewa. Na ikigundulika TB ya fundi ni sugu kwa isoniazidi, vidonge hivi havitawakinga walio nyumbani. Wataalamu wa TB sugu ndio watakaoamua cha kuwapa.